Shajara ya mradi: Kijumlishi nusu ndani ya chipu moja ya 74HC00

Lengo

Tunatengeneza ubao mdogo wa kufundishia unaojumlisha biti mbili. Una swichi mbili, A na B, na taa mbili ndogo: S kwa jumla na C kwa biti ya kubeba. Sharti tulilojiwekea ni kwamba mantiki yote ikae ndani ya chipu moja ya 74HC00, yenye malango manne ya NAND na si zaidi. Njia ya kawaida ya vitabuni, yaani XOR moja na AND moja, inataka chipu mbili za aina tofauti, 74HC86 na 74HC08, na mwanafunzi hutoka hapo bila kujua hiyo XOR imetoka wapi. Tukianza na jedwali la ukweli tukapita kwenye ramani ya Karnaugh, XOR itajitokeza yenyewe, na tutaona pia mahali ramani inapogota.

Awamu ya 1: jedwali la ukweli

Maingizo ni mawili, kwa hiyo mistari ni minne. Tunaiandika kwa mpangilio wa kuhesabu, 00, 01, 10, 11, ili kusiwe na mstari unaosahaulika wala unaoandikwa mara mbili.

```
A B | C S
0 0 | 0 0
0 1 | 0 1
1 0 | 0 1
1 1 | 1 0
```

Safu ya C tumeitanguliza mbele ya S kwa makusudi. Ukizisoma pamoja kama tarakimu mbili unapata jibu lenyewe la hesabu: 00 ni sifuri, 01 ni moja, 10 ni mbili. Kwa hiyo jedwali linajikagua. Kila mstari lazima utimize `2C + S = A + B`, na mstari usiotimiza umekosewa hapo hapo, kabla hujagusa waya.

Mstari wa kuchunga ni wa mwisho. Mistari mitatu ya juu ya safu ya S inafanana kabisa na OR, na ni 1+1 tu inayotofautisha mambo. Mtu akiandika S = 1 pale chini kwa mazoea ya "hiki au kile", atakuwa amejenga OR bila kujua, na ubao wake utafanya kazi sawasawa katika mistari mitatu kati ya minne. Ndiyo maana baadaye, katika kupima, mstari wa 11 ndio tutakaouanza.

Kutoka kwenye jedwali hadi fomula ni kazi ya kusoma tu. Chukua kila mstari ambao tokeo ni 1, andika herufi zake kama zilivyo pale zilipo 1, na uzipe alama ya kinyume pale zilipo 0. Hapa tunatumia kistari cha juu, `A'`, kinachosomwa "si A".

```
S = A'B + AB'
C = AB
```

Awamu ya 2: mchoro wa kwanza, wa malango sita

Mchoro unaofuata fomula hizi neno kwa neno una NOT mbili za kutengeneza `A'` na `B'`, AND mbili za kutengeneza `A'B` na `AB'`, OR moja ya kuziunganisha kuwa S, na AND ya tatu kwa ajili ya C. Malango ni sita, lakini yanatoka katika aina tatu za chipu: 74HC04, 74HC08 na 74HC32. Chipu tatu kwa kujumlisha moja na moja ni nyingi mno.

Hata hivyo mchoro huu tuliuchora na kuuhifadhi, kwa sababu ndio wa kulinganishia. Maingizo yako kushoto, matokeo kulia, na A na B zinashuka kama nyaya mbili za wima ambazo kila lango linachota kutoka kwazo. Jambo moja la uchoraji linalosumbua sana ni makutano. Waya unaochota kutoka kwa mwingine lazima uwe na nukta nyeusi mahali zinapogusana, na nyaya zinazopishana bila kugusana zisiwe na nukta. Katika mchoro huu waya wa B unaoelekea AND ya kwanza unapishana na waya wa `A'`. Ukiweka nukta hapo kwa bahati mbaya, umeunganisha tokeo la NOT moja kwa moja na swichi ya B, na atakayefuata mchoro wako ataunganisha vivyo hivyo. Kwenye ubao hilo ni tokeo la chipu kusukumana na swichi, mmoja akivuta juu na mwingine chini.

Awamu ya 3: ramani ya Karnaugh

Maurice Karnaugh alikuwa mhandisi wa maabara za Bell huko Marekani, na mwaka 1953 alichapisha njia hii ya kupanga jedwali la ukweli katika visanduku ili urahisishaji uonekane kwa macho. Kwa herufi mbili ramani ina visanduku vinne tu. Hii ni ya S:

```
        B=0   B=1
A=0      0     1
A=1      1     0
```

Kabla ya kuchora kitanzi chochote, inafaa kujua kitanzi kinafanya nini. Visanduku viwili vinavyopakana kwa ubavu vinatofautiana kwa herufi moja tu. Vyote vikiwa na 1, herufi ile haina athari na inafutwa: `AB + AB'` inakuwa `A(B + B')`, na kwa kuwa `B + B'` ni 1 siku zote, inabaki `A` peke yake. Hiyo ndiyo siri yote ya ramani. Mpangilio wa visanduku umetengenezwa ili hatua hii ya aljebra ionekane kama ujirani.

Sasa tazama S. Moja zake mbili zimekaa kwa mshazari. Kutoka kisanduku cha 01 hadi cha 10 zinabadilika herufi mbili kwa pamoja, A na B, kwa hiyo hakuna herufi ya kufuta. Kuizungusha ramani ukingo kwa ukingo hakusaidii: katika ramani ya visanduku vinne kingo zinarudi kwa majirani wale wale. Kila 1 inabaki na kitanzi chake cha kisanduku kimoja, na fomula inatoka kama ilivyoingia, `A'B + AB'`. Ramani ya C nayo ina 1 moja tu, pale 11, na haina jirani. Hakuna kilichorahisishwa popote.

Wengi wakifika hapa hudhani wamekosea ramani. Hawajakosea. Ramani imethibitisha kwamba kwa umbo la "AND kadhaa zinazoingia kwenye OR", fomula ya S haiwezi kuwa fupi zaidi. Mpangilio huu wa 1 na 0 kupishana kama ubao wa drafti ndio alama ya XOR, na ukiuona kwenye ramani ya herufi mbili yenye 0 pale 00, acha kutafuta vitanzi, andika `A ⊕ B` uendelee. Kuna faida nyingine ya kutumia papo hapo: kama ramani yako ya S imekubali kitanzi cha visanduku viwili, jedwali lako lina kosa. Kwa mfano, ukiwa umeandika S = 1 kwenye mstari wa 11, vitanzi viwili vitajitokeza vizuri kabisa na jibu litakuwa `A + B`, ambayo ni ile OR tuliyoitaja juu. Jibu zuri kupita kiasi hapa ni dalili ya ugonjwa.

Wenye Logisim wanaweza kuhakikisha haya bila karatasi: jaza jedwali kwenye dirisha la `Combinational Analysis`, kisha fungua kichupo cha `Minimized`. Kwa S programu itakurudishia vipande viwili vile vile vya AND.

Lakini kichupo hicho hicho kinakuruhusu kuchagua umbo la pili, na hapo ndipo penye mali. Badala ya kukusanya moja, tunakusanya sifuri. Sifuri za S ziko 00 na 11, nazo zimekaa kwa mshazari vilevile, kwa hiyo hazifungwi pamoja. Kila sifuri inatoa kipengele cha OR: sifuri ya 00 inatoa `(A + B)`, na ya 11 inatoa `(A' + B')`.

```
S = (A + B)(A' + B')
```

Kwa idadi ya herufi hatujapunguza kitu, nne kwa nne. Tazama lakini mabano ya pili. Kwa kanuni ya De Morgan, `A' + B'` ni sawa na `(AB)'`, na `AB` ni C. Mabano yale ni kinyume cha C, kitu ambacho tayari tunacho kwenye mchoro:

```
S = (A + B) · C'
```

Ukiisoma kwa maneno inaeleweka hata bila aljebra: jumla ni 1 iwapo kuna angalau moja, ila isiwe imebebwa. Malango yanashuka kutoka sita hadi manne: OR, AND ya kutengeneza C, NOT ya kuigeuza, na AND ya mwisho.

Huo ndio mpaka wa ramani ya Karnaugh. Inashughulikia tokeo moja kwa wakati mmoja. Ramani ya S haijui kwamba kuna C, na ramani ya C haijui kwamba kuna S, kwa hiyo hakuna hata moja kati yao inayoweza kukuambia "tumieni hiki kwa pamoja". Kugawana kipande kati ya matokeo mawili ni kazi ya jicho la mchoraji. Namna ya kukitafuta ni kuandika fomula zote mbili kwa umbo la moja na kwa umbo la sifuri, kisha kuona ni kipande gani kinajirudia, kikiwa wima au kikiwa kimegeuzwa.

Awamu ya 4: kugeuza kuwa NAND

Ipe jina `N1` ile `(AB)'`. Hilo ni lango la NAND moja, na ndilo C iliyogeuzwa. Fungua mabano ya S:

```
S = (A + B)·N1
  = A·N1 + B·N1
  = ( (A·N1)' · (B·N1)' )'
```

Mstari wa mwisho ni De Morgan tena, OR ikibadilishwa kuwa NAND ya vitu vilivyogeuzwa. Kila kilichobaki ni NAND ya maingizo mawili:

```
N1 = (A·B)'
N2 = (A·N1)'
N3 = (B·N1)'
S  = (N2·N3)'
```

Malango manne, chipu moja, na halikubaki hata moja. Jedwali la kukagua, safari hii likiwa na safu za katikati:

```
A B | N1 N2 N3 | S
0 0 |  1  1  1 | 0
0 1 |  1  1  0 | 1
1 0 |  1  0  1 | 1
1 1 |  0  1  1 | 0
```

Safu hizi za katikati usizitupe. Ndizo utakazopima kwa mita taa ikikataa.

Lililobaki ni C. Kuipata kwa mantiki kunataka lango la tano, NAND ya kugeuza N1, na chipu imekwisha. Kwa ubao wa taa, hata hivyo, C yenyewe haihitajiki. Kinachohitajika ni taa iwake pale N1 inaposhuka kuwa 0. Basi taa ya C tunaifunga kinyume na ya S: upande wake chanya unatoka kwenye volti 5 kupitia rezista, na upande hasi unaingia kwenye tokeo la N1. N1 ikiwa 1, pande zote mbili za taa ziko karibu na volti 5 na hakuna mkondo. N1 ikiwa 0, mkondo unapita kutoka volti 5, kupitia taa, hadi ndani ya chipu na kwenda hasi. Taa imefanya kazi ya NOT.

Awamu ya 5: kufunga kwenye ubao

Vifaa: 74HC00 moja, swichi mbili, taa mbili nyekundu za dayodi, rezista mbili za kilo-omu 1 (kahawia, nyeusi, nyekundu), rezista mbili za kilo-omu 10 (kahawia, nyeusi, machungwa), kapasita moja ya kauri ya nanofaradi 100 iliyoandikwa 104, ubao wa majaribio wa matundu, na umeme wa volti 5 kutoka kwa chaja ya simu.

Ukiishika chipu kibonyeo kikiwa juu, mguu wa 1 uko juu kushoto, na namba zinashuka hadi 7 kisha zinapanda upande wa kulia kutoka 8 hadi 14. Waya zetu:

```
14 = +5V        7 = GND
A  -> 1, 4
B  -> 2, 10
3 (N1) -> 5, 9
6 (N2) -> 12
8 (N3) -> 13
11 = S
```

Kwenye chipu hii lango la tatu linasumbua. Tokeo lake liko mguu wa 8 na maingizo yako 9 na 10, na la nne vilevile lina tokeo mguu wa 11 na maingizo 12 na 13. Upande wa kushoto tokeo linakuja baada ya maingizo, na upande wa kulia linatangulia. Anayefunga kwa kukariri "mbili za kuingia, moja ya kutoka" akihesabu kutoka 8 ataingiza N1 kwenye tokeo.

Taa ya S: mguu wa 11, rezista ya kilo-omu 1, mguu mrefu wa taa, na mguu mfupi kwenye hasi. Taa ya C: volti 5, rezista ya kilo-omu 1, mguu mrefu wa taa, na mguu mfupi kwenye mguu wa 3 wa chipu. Taa nyekundu inakula takriban volti 2, kwa hiyo rezista inabaki na volti 3, na mkondo ni miliampia 3. Tumechagua kilo-omu 1 badala ya omu 330 zilizozoeleka kwa sababu ya N1. Tokeo lile linaendesha taa na wakati huohuo linatoa ishara kwa malango mawili. Familia ya HC inahakikishiwa viwango vyake vya volti kwa mkondo wa miliampia 4. Ukiizidishia hadi 9 chipu haitaungua, lakini hiyo "sifuri" yake inaanza kupanda, na hatuna sababu ya kuikaribia hali hiyo ilhali miliampia 3 zinatosha taa kuonekana mezani.

Kila swichi inaunganisha ingizo na volti 5 inapobonyezwa, na rezista ya kilo-omu 10 inalivuta ingizo chini hadi hasi inapoachwa. Rezista hiyo si hiari. Ingizo la HC lililoachwa hewani halina thamani yoyote. Linashika mawimbi ya umeme wa nyumba, na ukilisogezea mkono taa zinacheza. Kapasita ya 104 inakaa kati ya mguu wa 14 na wa 7, karibu na chipu kadiri inavyowezekana.

Ukibadilisha chipu, soma maandishi yote na siyo namba za mwisho tu. 74LS00 ina mpangilio uleule wa miguu lakini kila ingizo lake linatoa hadi miliampia 0.4 linapovutwa chini. A inalisha maingizo mawili, yaani miliampia 0.8, na kupitia kilo-omu 10 kiasi hicho hakiwezi kuteremka hadi sifuri: ingizo linabaki juu, na chipu inasoma 1 hata swichi ikiwa imeachwa. Kwa LS weka omu 470, ambazo zinabakiza chini ya volti 0.4. Halafu tokeo la LS ni dhaifu likisukuma mkondo kutoka juu, kwa hiyo taa ya S itafifia wakati ya C inawaka vizuri. CD4011 nayo ni NAND nne, na bei yake huvutia, lakini miguu yake imepangwa tofauti: matokeo yako 3, 4, 10 na 11. Ukiichomeka kwenye nyaya zile zile, mguu wa 4, ambao ni tokeo, utakuwa umefungwa na swichi ya A.

Awamu ya 6: kupima na kusoma makosa

Kabla ya swichi yoyote, weka mita kati ya mguu wa 14 na wa 7, kwenye miguu yenyewe na siyo kwenye reli za ubao. Chipu za HC zina dayodi za kinga kwenye maingizo, na kama mguu wa 14 haujashika, umeme unaweza kupenya kupitia swichi na kuiamsha chipu nusunusu. Taa zinawaka hafifu, mistari mingine inakubali, na mtu anatafuta kosa la mantiki ambalo halipo.

Kisha anza na 11. S inapaswa kuzimika na C kuwaka. Ukipima N1 hapo, mguu wa 3, iwe chini ya volti 0.4.

Mstari unaokataa unataja waya wenye kosa. Chukua waya wa N1 kutoka mguu wa 3 kwenda wa 5. Ukiwa umekatika na mguu wa 5 ukasomeka 1, basi N2 inakuwa `A'` tupu. Mistari ya 00, 01 na 10 inatoka sahihi kabisa, lakini kwenye 11 N2 inakuwa 0, na S inawaka pamoja na C. Ubao umegeuka OR. Kipande cha waya huo uliokatika kilichobaki kwenye mguu wa 5 kikigusa hasi, mguu huo uko 0 daima na N2 haishuki kamwe: sasa ni mstari wa 10 unaokataa, S haiwaki, na mingine mitatu iko salama. Kwa waya wa 3 kwenda 9 mambo ni yale yale, ila badala ya 10 unakataa 01. Kwa hiyo S na C zikiwaka pamoja, fuata nyaya za N1. S ikikataa kwa swichi moja tu, fuata lango la upande wa swichi hiyo.

Mita ikionyesha kitu cha katikati, tuseme volti 2 au 2.5 kwenye tokeo, usikisome kama 1 dhaifu. Mara nyingi ni matokeo mawili yaliyofungwa pamoja yakivutana, na chipu itakuwa imeanza kupata joto. Zima umeme, hesabu miguu upya kutoka 8 hadi 14.

Awamu ya 7: kuelekea kijumlishi kamili

Kijumlishi nusu hakipokei biti iliyobebwa kutoka tarakimu iliyotangulia, kwa hiyo hakifai popote isipokuwa tarakimu ya kwanza kulia. Kijumlishi kamili kina ingizo la tatu, Cin, na ramani yake ya Cout ndiyo ya kwanza katika mradi huu inayorahisisha kitu:

```
         AB=00  01  11  10
Cin=0       0    0   1   0
Cin=1       0    1   1   1
```

Moja ni nne, na kila moja ni fomula ya herufi tatu. Vitanzi vitatu vya jozi vinazifunika zote, vyote vikigawana ile 1 ya kati kwenye safu ya 11:

```
Cout = AB + A·Cin + B·Cin
```

Hapa mpangilio wa safu, 00, 01, 11, 10, ndio unaobeba kazi. Mtu akiandika 00, 01, 10, 11 kwa mazoea ya kuhesabu, safu za 01 na 10 zitakaa ubavu kwa ubavu na zitaonekana majirani ilhali zinatofautiana herufi mbili. Utajua umeingia mtego huo ukizungusha jozi kisha ukaona kuna herufi mbili za kufuta badala ya moja. Ramani ya jumla ya kijumlishi kamili ni ubao wa drafti tena, haina jozi hata moja: `A ⊕ B ⊕ Cin`.

Kwa mchoro wetu hatutumii fomula ya jozi, kwa sababu vijumlishi nusu viwili tunavyo tayari. Cha kwanza kinajumlisha A na B. Cha pili kinajumlisha S iliyopatikana na Cin, na ndani yake kuna lango linalofanana na N1, ambalo tunaliita `M1`. Biti inabebwa ikiwa chochote kati ya viwili hivyo kimebeba, `C1 + C2`. De Morgan mara ya mwisho:

```
Cout = C1 + C2 = (C1'·C2')' = (N1·M1)'
```

Lile lango la tano tulilolikwepa kwa ujanja wa taa halikuhitajika hata huku. N1 na M1 zinaingia zikiwa zimegeuzwa hivyo hivyo, na jumla ya malango ni tisa. Chipu mbili zinatoa manane, kwa hiyo inaongezwa ya tatu yenye lango moja la kazi na matatu ya ziada. Taa za N1 na M1 zinatolewa, na taa ya Cout inafungwa kawaida kama ya S. Maingizo sita ya malango yasiyotumika, miguu ya 4, 5, 9, 10, 12 na 13 ya chipu ya tatu, yanafungwa kwenye hasi, na matokeo yake, 6, 8 na 11, yanaachwa wazi.